Slaidi ulizobandika zinapogoma kufuata kiolezo chako

*"Mtaalamu, habari za kazi. Niko Mwanza, kwenye mradi wa wavuvi wa dagaa. Meneja amenipa kazi ya kuunganisha slaidi za wenzetu wa Ukerewe, Sengerema na Magu ziwe wasilisho moja la PowerPoint kwenye kiolezo cha ofisi, cheupe chenye bluu, vichwa kwa Georgia na maelezo kwa Calibri. Nikibandika, za Magu zinakubali, za Sengerema zinabaki na Times New Roman na rangi za chati zinabadilika, na moja ya Ukerewe imekuwa nyeupe tupu. Nikajaribu `Keep Source Formatting`, ikawa vurugu zaidi. Nikatumia `Replace Fonts`, bado vichwa vimekaa ovyo. Slaidi ni karibu 40 na kikao ni Alhamisi. Nizibadilishe moja moja kwa mkono?"*

Hapana, usizibadilishe kwa mkono. Kazi hii inamalizika kwa asubuhi moja ukiifanya kwa mpangilio, lakini kwanza tutenganishe mambo, kwa sababu hapo kuna matatizo matatu yanayofanana kwa sura, na dawa ya moja haitibu jingine. Ndiyo maana kila ulichojaribu kimesaidia kidogo kisha kikakwama.

Watu wengi hudhani kwamba slaidi hukubali au hugoma kutokana na namna ulivyobandika. Siyo hivyo. Ukibonyeza `Ctrl+V` kwenye safu ya slaidi upande wa kushoto, PowerPoint tayari inatumia `Use Destination Theme`, yaani inaiambia slaidi ifuate muundo wa ilikofikia. Za Magu zimeambiwa hivyo, na za Sengerema zimeambiwa vivyo hivyo. Tofauti ilianza siku zilipotengenezwa: mwenzako wa Magu aliandika tu na kuiacha programu imchagulie fonti na rangi, na wa Sengerema alichagua mwenyewe, pengine kwa sababu ripoti zake zote huziandika kwa Times New Roman na macho yameizoea.

Kila wasilisho lina kitu kinachoitwa mandhari. Ndani yake kuna fonti mbili tu, moja ya vichwa na moja ya maelezo, na rangi 12: mbili nzito, mbili nyepesi, sita za kupambia na mbili za viungo vya mtandao. Maandishi ambayo hakuna aliyeyagusa hayabebi jina la fonti. Yanabeba maagizo kwamba "tumia fonti ya maelezo ya hapa ulipo". Yakiwa kwenye faili la Magu, "hapa" ni Aptos. Yakihamia kwako, "hapa" ni Calibri. Lakini mtu akishayaweka alama na kuchagua Times New Roman kwenye orodha, maagizo yale yanafutwa na jina lenyewe linaandikwa mahali pake. Ndani ya faili tofauti ni hii:

```
<a:latin typeface="+mn-lt"/>
<a:latin typeface="Times New Roman"/>
```

Mstari wa kwanza ni maagizo, na `+mn-lt` maana yake ni fonti ya maelezo ya mandhari yoyote itakayokuwepo. Wa pili ni jina lililogongwa msumari. Mandhari mpya ikija inabadilisha wa kwanza na kuuruka wa pili, na inafanya hivyo kwa makusudi: programu inaamini kwamba aliyechagua jina kwa mkono alitaka hilo na si jingine.

Huhitaji kufungua faili kwa ndani ili kujua. Bofya katikati ya maandishi yoyote kisha tazama kisanduku cha fonti kwenye `Home`. Kikisomeka `Calibri (Body)` au `Georgia (Headings)`, maandishi hayo yanafuata mandhari. Kikisomeka jina peke yake bila mabano, limegongwa msumari. Fanya hivi kwenye slaidi moja ya Magu na moja ya Sengerema uone tofauti kwa macho yako. Rangi nazo zina tabia hiyohiyo. Iliyochaguliwa kwenye safu za juu, chini ya maneno `Theme Colors`, hubadilika slaidi ikihama. Iliyochaguliwa kwenye `Standard Colors` au `More Colors` hubaki vilevile popote iendapo.

Hapa ndipo `Replace Fonts` ilipokuangusha. Uliiambia iondoe Times New Roman iweke Calibri, nayo ikafanya. Lakini ilichofanya ni kung'oa jina moja na kugonga jingine. Vichwa navyo, ambavyo vilitakiwa kuwa Georgia, vimepata Calibri pamoja na maelezo. Kwa leo maelezo yanaonekana sawa, ila mwakani ofisi ikibadilisha kiolezo, slaidi zote hizo zitagoma tena. Naipenda `Replace Fonts` kwa kazi nyingine: ukiifungua, orodha yake ya juu inakuonyesha fonti zote zilizomo kwenye faili, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kukagua mwishoni kama kuna mgeni aliyebaki. Fonti yenye alama ya kuuliza pembeni haipo kwenye kompyuta unayotumia.

Tatizo la pili ni kubwa kuliko la fonti, na wengi hawalijui. Fungua `View`, kisha `Outline View`. Upande wa kushoto utaona maandishi matupu ya slaidi zote, kichwa na maelezo yake. Pitia za Sengerema. Naweza kukisia kwamba baadhi zitaonekana na namba tu, bila neno hata moja, ingawa slaidi yenyewe imejaa maandishi. Aliyezitengeneza alianza na slaidi tupu akachora visanduku vya maandishi mwenyewe kwa `Text Box`: kimoja juu akakifanya kichwa, kingine chini akakifanya maelezo. Kwa mtazamaji ukutani ni kichwa. Kwa PowerPoint ni kisanduku tu kama vingine, hakina uhusiano na kiolezo, kwa hiyo hakijui kichwa chenu hukaa wapi wala kina ukubwa gani. Ndiyo sababu vichwa vimekaa ovyo hata baada ya fonti kubadilika. Kiolezo huamuru zile nafasi zake chenyewe tu, zenye maneno kama `Click to add title`.

Sasa twende kazini. Hifadhi kwanza nakala ya kila faili uliloletewa, ufanyie kazi nakala. Kisha, kabla ya kunakili chochote, ingia `Design`, `Slide Size`, ukague kama faili zote zina umbo moja. Tangu PowerPoint 2013 slaidi mpya huwa pana, 16:9, lakini ofisi nyingi bado zinarithishana faili za zamani za 4:3. Ukikuta faili la 4:3, libadilishe umbo hukohuko kwenye nakala yake, ukague picha na nembo kama hazijavutwa, ndipo unakili. Ukibandika kabla ya kusawazisha umbo, utakuwa unarekebisha vipimo na mandhari kwa wakati mmoja, na hutajua kipi kimeharibu nini.

Bandika zote kwa `Use Destination Theme`. Halafu, slaidi moja baada ya nyingine, fungua `Home`, `Layout`, uchague mpangilio wa kiolezo chenu unaofaa, kwa mfano `Title and Content`. Usiruke hatua hii hata kama slaidi inaonekana imeshakaa sawa. Wakati wa kubandika, PowerPoint hutafuta kwenye kiolezo chako mpangilio wenye jina sawa na ule slaidi iliotoka nao. Ikiukosa, huja nao ule wa kule na kuupachika kwenye kiolezo chako. Matokeo yake slaidi inapata rangi zenu lakini kichwa kinakaa pale kilipokaa Sengerema, na ukipitisha slaidi kwa mfululizo unaona kichwa kinarukaruka.

Baada ya mpangilio, kwenye slaidi zenye kichwa cha kisanduku, kata maandishi yale kwa `Ctrl+X`, bofya ndani ya `Click to add title`, bandika kwa kuchagua `Keep Text Only`, kisha futa kisanduku kilichobaki tupu. Fanya hivyo na maelezo. Sikufichi, hii ndiyo sehemu inayokula muda na haina njia ya mkato, lakini inahusu slaidi zile tu ambazo `Outline View` ilizionyesha tupu.

Kisha bofya sehemu tupu ya slaidi, bonyeza `Ctrl+A` kuchagua kila kitu kwenye slaidi, fungua orodha ya fonti, na juu kabisa, chini ya `Theme Fonts`, chagua ile yenye neno `(Body)`. Angalia usichague Calibri iliyo chini zaidi kwenye orodha ya fonti zote. Ni jina lilelile, lakini ile ya chini inagonga msumari na ya juu inaandika maagizo. Ukimaliza bonyeza `Reset`, iliyo karibu na `Layout`. `Reset` inazirudisha nafasi za kiolezo mahali pake, kwa ukubwa wake, rangi yake na fonti yake, kwa hiyo kichwa ulichokigeuza Calibri dakika iliyopita kinarudi Georgia chenyewe. Majedwali na visanduku vilivyobaki nje ya nafasi hizo haviguswi na `Reset`, na ndiyo maana tulivitangulizia fonti kwa `Ctrl+A`.

Tuchukue slaidi moja ya Sengerema tuifuate mpaka mwisho. Ina kichwa "Mavuno ya dagaa kwa mialo", chini yake chati ya nguzo, na sentensi pembeni: "Nguzo za chungwa ni siku za giza, za bluu ni siku za mbalamwezi." Kichwa ni kisanduku cha Times New Roman, rangi nyekundu ya `Standard Colors`. Unabadilisha mpangilio kuwa `Title and Content`, unahamisha kichwa kwenye nafasi yake kwa `Keep Text Only`, na wekundu wake unaondoka hapohapo kwa sababu umebandika maneno bila mapambo. Chati haihitaji kuingizwa kwenye nafasi ya kiolezo. Futa nafasi ya maelezo iliyobaki tupu. Hata ukiisahau haitaonekana kwenye projekta. Unafanya `Ctrl+A`, fonti ya `(Body)`, `Reset`. Slaidi imekaa, fonti ni za ofisi, kila kitu kinapendeza.

Ila sasa slaidi inasema uongo. Kwenye faili la Sengerema rangi ya pili ya kupambia ilikuwa chungwa. Kwenye kiolezo chenu cha bluu, tuseme rangi hiyo ya pili ni bluu ya maji. Chati imetii mandhari kama inavyopaswa, na sasa nguzo zote mbili zina bluu, moja nzito na moja nyepesi, huku sentensi pembeni bado inazungumzia chungwa. Mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, atakayesimama kuuliza "chungwa iko wapi?" atakuwa na haki. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko Times New Roman yoyote, kwa sababu fonti mbaya inaudhi macho, lakini rangi iliyohama inaweza kumfanya mtu asome siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wengi hawaingii ziwani, kama siku za giza.

Kwa hiyo baada ya kubandika, bonyeza `Ctrl+F` utafute majina ya rangi kwenye wasilisho lote: nyekundu, kijani, bluu, chungwa, njano. Kila utakapolikuta, linganisha na slaidi ya awali. Ushauri wangu ni kuiondoa sentensi ya rangi kabisa na kuandika "Giza" na "Mbalamwezi" kwenye chati yenyewe, juu au chini ya nguzo. Hapo rangi ikihama tena maana haihami. Kama kuna rangi yenye maana ambayo lazima ibaki, kwa mfano nyekundu ya mwalo uliofungwa, iweke kwa mkono kupitia `More Colors`. Hapa kugonga msumari ni sahihi, kwa kuwa hutaki mandhari iiguse. Ramani ya mialo iliyoletwa kama picha haina shida hiyo: rangi zake na ufunguo wake vimo ndani ya picha moja na havibadiliki.

Ile slaidi nyeupe ya Ukerewe ni tatizo la tatu, na maandishi yake hayajapotea. Bofya ukingoni mwa slaidi, pasipo na kisanduku, kisha bonyeza `Ctrl+A` utaona mipaka ya visanduku ikitokea mahali ulipodhani hapana kitu. Mwenzako alikuwa na mandhari ya giza, na badala ya kuiacha mandhari ichague rangi ya maandishi, alichagua nyeupe mwenyewe. Mandhari ya giza ikabaki Ukerewe, weupe ukasafiri, na sasa una maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Yaliyomo kwenye nafasi za kiolezo yatarudi kwa `Reset`. Yaliyomo kwenye visanduku, yachague na uyape rangi ya maandishi iliyo kwenye `Theme Colors`. Unaweza pia kukutana na kinyume chake, slaidi iliyokuja na usuli wake mweusi na haikubali weupe wenu. Huo usuli uliwekwa kwenye slaidi yenyewe, na `Reset` ya `Home` haiugusi. Bofya pembeni ya slaidi kwa kitufe cha kulia, chagua `Format Background`, na chini ya paneli bonyeza `Reset Background`.

Tusafishe na ile vurugu ya `Keep Source Formatting`. Kila ulipoichagua, slaidi ilikuja na slaidi mama yake, yaani ule muundo unaoshikilia mandhari na mipangilio yote. Fungua `View`, `Slide Master`, uende juu kabisa ya safu ya kushoto. Patakuwa na slaidi mama zaidi ya moja, nyingine ikiwa na jina kama `1_Office Theme`. Ukisimamisha kishale juu ya kila moja utasoma inatumiwa na slaidi zipi. Rudi kwenye slaidi hizo, uzihamishie kwenye mipangilio ya ofisi kupitia `Layout`, halafu kama slaidi mama ile ngeni bado ipo, ibofye kwa kitufe cha kulia uifute. Usiiache ikae bila kazi. Mtu mwingine atakapoongeza slaidi mwezi ujao, mipangilio yake itamtokea kwenye orodha na ataichagua bila kujua.

Siyo kwamba `Keep Source Formatting` ni mbaya wakati wote. Kama mojawapo ya slaidi hizo ni ya mfadhili au ya idara ya serikali, yenye nembo yao na sura yao, na mnaionyesha kama kauli yao, iache na sura yake. Kuivalisha rangi zenu ni kumsemea mtu maneno kwa sauti yako. Na kama hakuna atakayeihariri, kuibandika kama picha kwa chaguo la `Picture` ni salama zaidi, ilimradi ukubali kwamba kosa la tahajia likigundulika Alhamisi asubuhi hutaweza kulisahihisha hapo.

Kuhusu kompyuta ya ukumbini. Aptos ilianza kuwa fonti ya kawaida ya Office mwaka 2023, ikichukua nafasi ya Calibri iliyokuwepo tangu 2007, na kompyuta nyingi zenye Office ya zamani hazina. Kama kuna Aptos iliyobaki kwenye faili, kisanduku cha fonti kitaendelea kusoma "Aptos" ila maandishi yatachorwa kwa fonti nyingine na mistari itavunjika mahali pasipotarajiwa. Kwa hiyo pitia `Replace Fonts` mara ya mwisho kabla ya Alhamisi. Wanaotakiwa kuwemo ni Georgia na Calibri, na kama kuna fonti ya vitone vya orodha kama Wingdings usiisumbue.

Ukifanya yote haya na slaidi bado inagoma, jaribu kitu kimoja: tengeneza slaidi mpya kabisa kwenye kiolezo cha ofisi, andika kichwa na mistari miwili, bonyeza `Reset`. Ikikaa vibaya hata hiyo, ugonjwa uko kwenye kiolezo chenyewe, na hapo acha kurekebisha slaidi. Mara nyingi aliyekitengeneza alichora visanduku vya kawaida kwenye slaidi mama badala ya nafasi halisi, na marekebisho yoyote utakayofanya kwa slaidi 40 yatakuwa ya kurudiwa. Mpelekee mtu wa TEHAMA wa ofisi yenu au fundi anayejua kuunda violezo, ukae naye mkiwa na faili hilo tupu na moja la Sengerema, akitazame `Slide Master` mbele yako. Kwa Alhamisi hii, kama muda umebana, anza na slaidi zenye chati, maana hizo ndizo watu watakazozifanyia maamuzi, na za shukrani na utangulizi zisubiri.